Kibao Kilichotungwa Msalani

Karibu na uwanja wa Once jijini Buenos Aires palikuwa na mkahawa uitwao La Perla. Vilabu vikifungwa usiku wa manane, vijana wa muziki walihamia hapo na kukaa hadi kunapambazuka. Aliyetaka kujaribu wimbo aliingia nao msalani. Humo ndimo kijana aliyejulikana kwa jina la Tanguito alimoanza wimbo wa mtu aliyechoshwa na dunia, anayetamani kujenga chelezo aondoke zake. Litto Nebbia, mwimbaji wa bendi ya Los Gatos, akaumalizia. Santuri ya “La Balsa” ilitoka Julai 1967 na kuuza nakala zaidi ya laki mbili. Waajentina wengi wanaihesabu roki yao kuanzia hapo.

Kwa nini hapo, na si kabla? Tangu 1960 Teen Tops wa Meksiko walikuwa wakipiga roki kwa Kihispania, ila zilikuwa nyimbo za Elvis Presley na Little Richard zilizobadilishwa maneno. Los Shakers wa Uruguai nao walijitungia wenyewe, lakini kwa Kiingereza, nywele zikiwa mtindo wa Beatles. Hawa walikuwa na lugha bila wimbo, wale wimbo bila lugha. Los Gatos waliviunganisha viwili hivyo, na soko likaitika.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko inavyosikika. Kiingereza kimejaa maneno ya silabi moja yanayotua sawasawa juu ya pigo la ngoma. Neno la Kihispania, kama letu la Kiswahili, kwa kawaida hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mstari hubaki na kijisilabi laini kinachoning'inia baada ya pigo. Anayetafsiri wimbo wa Elvis hulazimika kuyabana maneno mpaka yakose pumzi. Anayetunga kwa Kihispania tangu mwanzo huurefusha muziki uyafuate maneno. Luis Alberto Spinetta, aliyeibuka na bendi ya Almendra mwishoni mwa miaka ya 60, aliufikisha ufundi huo mbali kuliko wote, kwa masikio yangu.

Brazili ugomvi haukuwa wa lugha, ulikuwa wa ala. Tarehe 17 Julai 1967 wanamuziki waliandamana São Paulo kulipinga gitaa la umeme, wakiogopa kwamba muziki wa kigeni ungeumeza wa kwao. Mwimbaji Elis Regina alikuwamo. Gilberto Gil pia. Ilipofika Oktoba, Gil huyohuyo alipanda jukwaani katika tamasha la televisheni ya Record pamoja na Os Mutantes, vijana wa gitaa la umeme, na katika wimbo huohuo akaweka berimbau, ule upinde wa waya na kibuyu unaoongoza mchezo wa kapoeira na ambao asili yake ni Afrika. Alishika nafasi ya pili. Caetano Veloso alisindikizwa na bendi ya Beat Boys, na hao walikuwa Waajentina. Serikali ya kijeshi haikuchekeshwa: Desemba 1968 Gil na Caetano walikamatwa, kisha wakaishia uhamishoni London.

Ajentina nayo ilitawaliwa na wanajeshi tangu 1976, na wanamuziki wa roki walikaguliwa mashairi, wakakamatwa, wengine wakahama nchi. Kisha Aprili 1982 watawala hao waliingia vitani na Uingereza kugombea visiwa vya Malvinas. Nyimbo za Kiingereza ziliondolewa redioni. Nafasi ilipaswa kujazwa na kitu, na kilichokuwapo tayari ni roki ya Kihispania ya miaka 15. Tarehe 16 Mei likafanyika tamasha kubwa katika viwanja vya klabu ya Obras Sanitarias, kiingilio kikiwa nguo, mablanketi na chakula cha askari. León Gieco aliimba wimbo wake wa 1978 unaomwomba Mungu asimwache aizoee vita. Wanajeshi walipata umati walioutaka, lakini maneno hayakuwa yao. Bendi ya Virus ilikataa kushiriki. Ndugu wa wanamuziki wake watatu alikuwa ametekwa na utawala huo na hakuonekana tena.

Jijini humo humo kulikuwa na Sumo, bendi ya Luca Prodan, Mtaliano aliyesomea Uskoti na kuimba zaidi kwa Kiingereza. Mpiga ngoma wake, Stephanie Nuttall, alikuwa Mwingereza. Vita vikamlazimu arudi kwao. Luca alibaki, akaendelea kuimba kwa lugha ya adui katika vilabu vidogo. Baadaye alipoimba kuhusu mtaa wa Abasto alikokuwa akitembea, aliimba kwa Kihispania.