E Kubwa, E Ndogo

Wauzaji wa Gikomba huita nguo za kwanza kuchaguliwa belo linapofunguliwa "kamera". Mara nyingi kamera ni nguo mpya mpya, safi, zisizo na doa. Jinzi iliyochakaa hutupwa kwenye fungu la bei ya chini, na huko ndiko ilikokaa ile ambayo mkusanyaji wa nguo za zamani angeilipia mara mia.

Chukua jinzi za Levi's, kwa kuwa hakuna vazi ambalo wakusanyaji wamelichunguza kwa undani kama hilo. Kanuni yao ni moja tu: vazi haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kipande chake kipya kabisa. Kwa hiyo hawatafuti dalili ya uzee. Wanatafuta dalili ya ujana, kisha wanarudi nyuma kutoka hapo.

Kwenye mfuko wa nyuma wa kulia kuna kitepe chekundu. Hadi mwaka 1971 kiliandikwa LEVI'S, herufi zote kubwa. Tangu hapo "e" ikawa ndogo, Levi's. Herufi hiyo moja ndiyo inayotenganisha bei mbili zilizo mbali sana. Usishtuke ukikuta kitepe chenye alama ya ® peke yake, bila jina. Kampuni hushona baadhi yake hivyo makusudi, ili kitepe chenyewe kilindwe kisheria, na watu wengi wameziacha suruali halali wakidhani ni bandia.

Sasa tuseme umepata suruali ya zipu, aina ya 505, yenye e ndogo. Tayari unajua haijapita nyuma ya 1971. Igeuze ndani nje. Kuna lebo ya maelekezo ya kufua; sheria ya Marekani iliyoanza Julai 1972 iliwalazimisha watengenezaji kuishona ndani ya nguo, hivyo lebo na kitepe vinakubaliana. Ingekuwa haipo, usingekuwa na ushahidi wowote, maana wavaaji wengi huikata kwa sababu inawawasha. Tafuta vijiuzi vilivyobaki kwenye mshono.

Fuata mshono wa ubavuni hadi chini. Ukikuta kingo mbili zilizofumwa, nyeupe, zenye uzi mwekundu, umeshika kitambaa cha mitambo ya zamani iliyofuma upana mdogo, wa sentimita 75 hivi. Mafundi walipanga kingo hizo ziangukie mshononi, kwa kuwa hazifumuki. Miaka ya 80 ilipofika katikati, kampuni ilikuwa imehamia kitambaa kipana. Hicho hukatwa, na kingo zake zilizokatwa hufungwa kwa ovaloki. Suruali yetu ina uzi mwekundu; basi imeshonwa kati ya 1971 na katikati ya miaka ya 80.

Zipu ndiyo ya kuogopwa. Ikiandikwa Talon 42 ni ya chuma na inaafikiana na umri huo, lakini zipu huharibika na fundi huweka nyingine. Angalia matundu ya sindano: zipu iliyobadilishwa huacha safu ya matundu matupu pembeni mwa uzi mpya, na rangi ya uzi huwa tofauti na ya mishono mingine. Hapo zipu haisemi lolote kuhusu suruali.

Mtego mwingine unatoka kwa kampuni yenyewe. Inatoa upya mitindo yake ya zamani ikiwa na E kubwa, uzi mwekundu, hata ribiti zilizofichwa ndani ya mifuko ya nyuma, ambazo kwenye suruali za kawaida ziliachwa miaka ya 60. Kinachoziumbua ni lebo ya kufua yenye lugha kadhaa na michoro ya pasi na beseni. Lebo hiyo ni ya juzi, basi na suruali ni ya juzi.

Bei, kwa maoni yangu, huamuliwa na rangi baada tu ya umri. Nili iliyo nzito bado hushinda iliyopauka. Pindo la asili ni jambo la pili: kwa ndani, mshono wake hufanana na mnyororo, na mtu akikata suruali kuifupisha ameondoa pesa. E kubwa iliyo nzima hufikia mamia ya dola, na zaidi. E ndogo yenye uzi mwekundu huwa chini ya hapo, na yenye ovaloki ni mtumba tu. Ile jinzi ya miaka ya 1880 iliyookotwa mgodini na kuuzwa mnadani huko New Mexico mwaka 2022 kwa dola 87,400, ikijumlishwa ada, si kipimo cha chochote unachoweza kukuta kwenye belo.

Kipimo ni bei ambazo nguo zimeuzwa kweli. Kwenye eBay, chagua "Sold items", maana bei inayoombwa yaweza kukaa mwaka mzima bila mnunuzi. Na unapouza, pima kiuno kwa futikamba, usinakili namba ya lebo. Kitambaa cha pamba kimefuliwa miaka arobaini na zaidi, na mnunuzi wa Tokyo atakurudishia suruali isiyomwenea.