Saba au Mbili?

"Fundi, Windows imegoma kusasisha." Ujumbe wa namna hii fundi kompyuta hupokea kila mara, na chini yake huambatana skrinshoti iliyokwisha kurushwa WhatsApp, ikakatwa kingo na kufifia. Tuseme kinachosomeka ni kitufe cha `Retry` na msimbo unaoanzia `0x800700`, kisha tarakimu inayoweza kuwa 7 au 2, kisha sifuri.

Hapo pana hatari. `0x80070070` maana yake diski haina nafasi ya kutosha, lakini `0x80070020` maana yake faili inayohitajika imeshikwa na programu nyingine, mara nyingi antivairasi. Fundi akikisia saba kumbe ni mbili, mteja atafuta picha za harusi yake bure, na tatizo litabaki palepale.

Kuikuza picha hakusaidii. WhatsApp ikishaibana, nukta nyingi zilizochora ile tarakimu zimekwenda na hazirudi. Programu za kunolesha picha nazo hujaza pengo kwa kubuni, hivyo ikitokea saba safi inayong'aa, isichukuliwe kuwa ushahidi.

Msimbo wenyewe hutoa msaada kidogo. Baada ya `0x` huwa na alama nane, na alama hizo ni 0 hadi 9 na A hadi F tu. Kwa hiyo kinachofanana na O ni sifuri, na kinachofanana na S ni 5. Zikihesabika pungufu ya nane, mkasi umepita juu ya msimbo. Ila 8 na B zote zinaruhusiwa, kama zilivyo 7 na 2, na hapo hesabu hukwama.

Fundi makini huuliza jambo lisiloharibu kitu: "Dada, fungua `This PC`. Ule mstari wa diski C ni mwekundu au wa buluu?" Huwa mwekundu nafasi ikibaki chini ya asilimia 10. Ukiwa wa buluu na nusu ya diski iko wazi, saba inapoteza nguvu, ingawa bado haijathibitika kuwa ni mbili.

Uthibitisho uko kwenye mashine yenyewe. Katika `Settings`, `Windows Update`, kisha `Update history`, masasisho yaliyoshindikana huorodheshwa pamoja na misimbo yake; mteja aisome tarakimu moja moja au aiandike. Kama kosa limetokea kwenye kidirisha kidogo cha kawaida cha Windows, kubonyeza `Ctrl + C` hunakili maandishi yake, akayabandika kwenye ujumbe.

Akitaka kutuma picha tena, aitume kwa njia ya `Document`, maana hiyo hufika bila kubanwa. Kama anaficha jina au barua pepe, azibe sehemu hiyo tu na kuacha dirisha zima, kwa sababu kichwa cha dirisha ndicho kinachomwonyesha fundi ni programu gani iliyolalamika.

Jibu likirudi kuwa ni `0x80070020`, kazi ni kuwasha upya mashine, kusimamisha kwa muda antivairasi iliyoongezwa, kubonyeza `Retry`, kisha kuiwasha tena antivairasi mara sasisho linapokamilika.