"Parasetamoli," Kisha Kimya

Mteja anafika kwenye duka la dawa, anasema "Parasetamoli", basi. Mfamasia makini hakimbilii rafuni. "Unataka kujua inatibu nini, unywe ngapi, au madhara yake?"

"Ninywe ngapi, dada? Asubuhi nimekunywa dawa ya mafua."

Hapo ndipo penye hatari, maana dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Mtu mzima mwenye afya hunywa kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, husubiri angalau saa 4, wala havizidi 8 kwa saa 24, ukijumlisha na ile ya mafua. Ikizidi huharibu ini, na siku ya kwanza huenda asihisi chochote ila kichefuchefu. Kwa hiyo mfamasia anaomba kwanza kuona pakiti ya asubuhi.