Sentimita moja nyuma ya geti: kuanza na mbio na kuanza ukiwa umesimama

Tarehe 18 Septemba 2021, pale Kasarani, Nairobi, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77. Ukichukua kikokotoo ukagawanya 100 kwa 9.77 unapata mita 10.2 kwa sekunde, yaani kama kilomita 36.8 kwa saa. Watu wengi huishia hapo na kusema, "Basi, kasi ya Omanyala ni kilomita 36.8 kwa saa." Hesabu ni sahihi. Ila jibu hilo si kasi yake akiwa amechanganya, na wala si kasi aliyokuwa nayo kwenye hatua za mwanzo. Ni wastani wa mtu aliyeanza akiwa na kasi sifuri.

Kwa Usain Bolt tunaweza kuiona tofauti hii waziwazi, kwa sababu mbio zake za Berlin za mwaka 2009 zilipimwa kipande kwa kipande. Mita 100 zote alitumia sekunde 9.58, wastani wa mita 10.4 kwa sekunde. Mita 20 za kwanza zilimchukua sekunde 2.88, wastani wa mita 6.9 tu kwa sekunde. Lakini kutoka mita ya 60 hadi ya 80 alitumia sekunde 1.61, yaani mita 12.4 kwa sekunde. Mtu ni yuleyule, siku ni ileile, na vipande hivi viwili vina urefu uleule wa mita 20. Kilichobadilika ni jambo moja: kwenye kipande cha kwanza aliingia akiwa amesimama, kwenye cha pili aliingia tayari anakimbia.

Hiyo ndiyo tofauti ya kuanza ukiwa umesimama na kuanza na mbio. Na si ya wanariadha peke yao. Inamgusa pia mwanafunzi anayetumia mageti ya mwanga maabara, na kocha anayepanga mageti hayo pembeni ya njia ya kukimbilia pale Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, si mbali na hapa Levolosi.

Geti linajua nini?

Geti la mwanga ni kitu rahisi. Upande mmoja kuna taa inayotoa mwali, upande wa pili kuna kihisi kinachoupokea. Kitu kikipita katikati, mwali unakatika, na saa inapewa ishara. Ukiwa na mageti mawili, la kwanza linaanzisha saa na la pili linaisimamisha. Wewe unapima kwa utepe umbali kati ya miali miwili, unagawanya kwa muda, unapata kasi.

Sasa zingatia hili: geti halijui kitu kilitoka wapi, na halijui kilikuwa na kasi gani kilipofika. Linajua dakika ile tu mwali ulipokatika. Kwa hiyo jibu unalopata ni wastani wa kilichotokea *kati ya* miali miwili. Kama kitu kinaongeza kasi kwa kiwango kilekile muda wote, wastani huo ni sawa na kasi yake katikati ya muda, si katikati ya umbali. Kitu kilichoanza kimesimama hutumia sehemu kubwa ya muda wake kwenye kipande kifupi cha mwanzo, pale kinapojikokota. Hapo ndipo matatizo yanapozaliwa.

Tulipeleke mezani

Tuchukue toroli la maabara kwenye ubao ulioinuliwa upande mmoja, kama sentimita 8 kwa kila mita ya urefu. Tuseme mchapuko wake wa kweli ni mita 0.8 kwa sekunde ya mraba. Tunaweka mageti yakiwa mbali kwa mita 0.80, kisha tunaliachia toroli "kwenye geti la kwanza". Kwa kuwa limeanza limesimama, tunatumia

s = ½at²

na muda unaotarajiwa ni sekunde 1.41.

Lakini ukiwa maabara, toroli huwezi kuliachia *ndani* ya mwali. Ukifanya hivyo mwali umeshakatika kabla hujaanza. Unaliweka nyuma kidogo, tuseme sentimita 1, ili pua yake isiguse mwanga. Sentimita moja katika themanini, nani atajali?

Hebu tuone. Kuivuka sentimita hiyo moja kutoka kusimama kunamchukua toroli wetu sekunde 0.16. Muda huo wote saa bado haijaanza. Likifika kwenye mwali lina kasi ya mita 0.126 kwa sekunde, na kutoka hapo hadi geti la pili saa inasoma sekunde 1.265, badala ya 1.41. Ukiingiza 1.265 kwenye s = ½at², unapata mchapuko wa mita 1.00 kwa sekunde ya mraba. Ukweli ni 0.8. Sentimita moja imekupa kosa la asilimia 25.

Utepe wako haukukosea, na saa haikukosea. Kilichokosewa ni kudhani toroli lilikuwa limesimama lilipoukata mwali wa kwanza. Lilikuwa limeshaanza na mbio, mbio ndogo tu, ila fomula haikuambiwa.

Utajuaje kama yamekukuta?

Kosa hili lina alama yake. Acha geti la kwanza palepale, achia toroli kutoka sehemu ileile kila mara, kisha sogeza geti la pili. Kwa toroli letu, mageti yakiwa mbali kwa mita 0.20, saa itasoma sekunde 0.566. Kwa mita 0.40 itasoma 0.854. Kwa mita 0.60 itasoma 1.077, na kwa mita 0.80 ni ile 1.265. Ukikokotoa mchapuko kwa s = ½at² kila mara, utapata 1.25, halafu 1.10, halafu 1.03, halafu 1.00. Mchapuko unaonekana kupungua kadiri umbali unavyoongezeka!

Hapo wengi hulaumu msuguano. Lakini msuguano wa kawaida wa magurudumu hupunguza mchapuko kwa kiwango karibu kilekile njia nzima. Hauufanyi uwe mkubwa sana mwanzoni kisha utulie. Ukiona namba zinashuka hivyo kuelekea thamani fulani, shuku mwanzo.

Dawa yake ni kuacha kudai kwamba kasi ya mwanzo ni sifuri. Tumia fomula kamili:

s = ut + ½at²

Gawanya pande zote kwa t, unapata s/t = u + ½at. Sasa chora grafu: s/t kwenye mhimili wa wima, t kwenye mhimili wa ulalo. Kwa namba zetu nne, s/t ni 0.353, 0.468, 0.557 na 0.632. Zinakaa kwenye mstari mnyoofu. Mteremko wake ni 0.40, na ukiuzidisha kwa mbili unapata 0.8, mchapuko wa kweli. Na pale mstari unapokata mhimili wa wima unasoma 0.126, ile kasi iliyokuwa imejificha. Mstari ukipita kwenye sifuri, basi kweli ulianza umesimama. Usipopita, grafu imekuonyesha ulianza na mbio, na kwa kasi gani.

Basi kwa nini usianze na mbio makusudi?

Hilo ndilo linalofaa zaidi kama unachotaka ni kasi. Tuliachie toroli sentimita 20 nyuma ya geti la kwanza, na geti la pili liwe sentimita 20 mbele. Wastani kati ya mageti ni mita 0.683 kwa sekunde. Ukikosea kuliweka, likawa sentimita 21 nyuma, wastani unakuwa 0.695. Tofauti haifiki asilimia 2. Linganisha na kuanza umesimama kwenye nafasi hiyohiyo ya sentimita 20: kukosea sentimita 1 kunapandisha wastani kutoka 0.283 hadi 0.353, yaani asilimia 25. Kosa ni lilelile, ila mara hii toroli linaivuka ile sentimita likiwa na kasi, kwa hiyo muda unaopotea ni mdogo.

Turudi kwa mkimbiaji

Uwanjani mambo ni hayohayo, ila vipimo vinakua. Tuseme mchezaji anapimwa mita 10 kutoka kusimama, na mchapuko wake kwenye mita ya kwanza ni kama mita 5 kwa sekunde ya mraba. Akisimama sentimita 30 nyuma ya geti, anatumia sekunde 0.35 kabla saa haijaanza. Akisimama mita 1 nyuma, anatumia sekunde 0.63. Kwa hiyo sekunde 0.28 zimefichwa. Kweli, sasa sehemu yote anayokimbia ni ndefu zaidi kwa sentimita 70, lakini hizo anazilipia mwishoni akiwa na kasi ya kama mita 7 kwa sekunde, ambapo zinamgharimu sekunde 0.1 tu. Faida inayobaki ni karibu sekunde 0.18. Mchezaji hajaongeza nguvu wala mbinu. Amerudi nyuma hatua moja.

Kwa hiyo kijana aliyepimwa Januari akiwa sentimita 30 nyuma, kisha Machi akiwa mita 1 nyuma, ataonekana amepiga hatua kubwa sana. Na wenzake wawili wakigombea nafasi moja kwenye timu, anayesimama nyuma zaidi atachukua namba. Ndiyo maana mstari wa kuanzia unatakiwa uchorwe chini kwa chaki, mguu wa mbele uguse palepale kila mara, na umbali huo uandikwe pembeni ya matokeo. Pia azuiwe kuyumba kabla ya kuondoka, na mwali uwe usawa wa nyonga, ili mkono au kichwa kilichoinama kisiukate kabla ya kiwiliwili.

Ukitaka kasi yake akiwa amechanganya, mpe mita 30 za kujiandaa, ndipo aingie kwenye nafasi ya mita 10 kati ya mageti. Usiifanye nafasi hiyo fupi mno. Mkono ukiukata mwali sentimita 20 kabla ya mwili, hiyo ni asilimia 2 ya mita 10, lakini ni asilimia 20 ya mita 1. Na ili kujua kama mita 30 zinamtosha, weka geti la tatu mita 10 mbele zaidi. Kipande cha pili kikichukua muda mfupi kuliko cha kwanza, bado alikuwa anaongeza kasi, na unahitaji kumrudisha nyuma zaidi.

Vipimo hivi viwili havishindani. Kuanza umesimama kunaeleza mtu anavyoondoka, kuanza na mbio kunaeleza anavyokwenda. Anayecheza mpira anahitaji zaidi cha kwanza, anayeruka chini anahitaji zaidi cha pili. Kinachoharibu ni kuchukua namba ya kimoja ukailinganisha na ya kingine, au kuandika "mita 10, sekunde 1.7" bila kusema mguu ulikuwa wapi saa ilipoanza.