Video ya bendi katika ua mmoja

Tuseme bendi ya dansi ya watu sita, jijini Dar es Salaam, ina wimbo wa dakika tano: tatu za kuimba, mbili za sebene. Fedha zilizopo zinatosha kamera moja, ua mmoja wenye mwembe, na alasiri moja. Video nzuri inawezekana, mradi mpango uanzie kwenye wimbo wenyewe.

Siku hiyo spika hucheza wimbo uliorekodiwa studio, na bendi huimba na kupiga kuufuatisha. Baadaye mhariri huondoa sauti iliyonaswa na kamera na kuweka ya studio. Kwa hiyo wimbo uwe umekamilika kabisa. Mtayarishaji akibadili kasi yake hata kidogo baada ya picha kupigwa, midomo na maneno havitaoana tena. Sauti ya kamera nayo isizimwe, maana ndiyo inayomwonyesha mhariri kila picha ilipo ndani ya wimbo.

Anza saa tisa alasiri kwa picha pana ya bendi nzima, wimbo mzima, mara mbili. Hizi ndizo akiba: popote picha ya karibu itakapoharibika, mhariri atarudi hapa. Zinatangulia pia kwa sababu ya jua. Picha pana huonyesha ua wote, na kivuli cha mwembe kikihama kati ya picha mbili mtazamaji hukiona. Uso uliopigwa kwa karibu huficha mabadiliko hayo.

Kisha gawanya wimbo. Waimbaji wapigwe dakika tatu za kuimba tu, kwanza kuanzia kiunoni, halafu nyuso. Sebene ni ya vidole vya mpiga solo, besi, drams na miguu ya wachezaji. Kumrudia mwimbaji hapo ni kupoteza mwanga. Mizunguko kumi na mmoja hivi, pamoja na kuhamisha kamera na kufuta jasho, huchukua kama saa mbili na nusu. Ili ua usichoshe macho, mwimbaji asogee: mara chini ya mwembe, mara kwenye ukuta wa matofali, mara getini.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mwimbaji kufungua mdomo bila kutoa sauti. Koo halitikisiki, kifua hakipandi, na mtazamaji anajua mara moja kwamba anaigiza. Aimbe kwa nguvu kama yuko jukwaani, na spika iwe kubwa kiasi cha kumfunika.

Kabla ya kufungasha vyombo, weka picha mbili tatu juu ya wimbo kwenye kompyuta, utazame maneno yenye m, b na p. Herufi hizo haziwezi kutamkwa bila midomo kufungana. Ikifungana kabla au baada ya sauti, rudieni sehemu hiyo wakati bendi bado ipo na mwanga haujazama.