Saa Tano Usiku na Saa Sita: Kompyuta Haioni Ujirani

Dereva wa bodaboda anajua kuwa saa tano usiku imepakana na saa sita. Kompyuta huziandika 23 na 0, na kwa hesabu yake hakuna saa mbili zilizoachana kuliko hizo.

Tuseme una jedwali la maombi ya bodaboda ya kila saa katika kituo kimoja, na unataka modeli ikubashirie ya kesho. Saa hizo itabidi uzipange kwenye duara, mfano wa saa ya ukutani yenye alama 24. Kila saa inakuwa nukta, na nukta huhitaji namba mbili, saini na kosaini:

```
df["saa_sin"] = np.sin(2*np.pi*df["saa"]/24)
df["saa_cos"] = np.cos(2*np.pi*df["saa"]/24)
```

Sasa saa sita usiku ni (0, 1) na saa tano usiku ni (−0.26, 0.97). Umbali wake ni uleule wa saa tano na saa sita mchana. Ukiacha kosaini, saa tisa usiku na saa tatu asubuhi zote zinapata 0.71, na modeli haizitofautishi.

Wengine hugawanya kwa 23 kwa kuwa ndiyo namba kubwa kwenye safu. Hapo 23 na 0 zinaangukia nukta moja. Miezi hugawanywa kwa 12, ila Ramadhani ipe safu yake, maana kila mwaka inatangulia kwa siku 10 hadi 12. Modeli za miti ya maamuzi, kwa kweli, hazinufaiki sana na duara. Zenyewe huikata saa vipande zinavyotaka.

Kinachozisaidia zaidi ni kumbukumbu: saa kama hii jana kulikuwa na maombi mangapi? Wengi huandika `shift(24)` wakaridhika. Lakini `shift` huhesabu mistari ya jedwali. Jumanne mtandao ukikatika, saa nane na saa tisa mchana zisiandikwe, basi Jumatano saa kumi na mbili asubuhi inapewa maombi ya Jumanne saa kumi alfajiri. Kagua kwa `df["muda"].diff(24)`: kila jibu liwe saa 24 kamili. Lisipokuwa, rudisha mistari iliyokosekana kabla ya kusogeza, uiache tupu. Ukijaza sifuri umesema hakuna aliyeomba usafiri.

Halafu angalia unabashiri saa ngapi. Ratiba ya kesho ikipangwa leo saa mbili usiku, "jana" ya kesho saa nne usiku ni leo saa nne, na haijafika. Kwenye data ya zamani namba hiyo ipo, kwa hiyo majaribio yatapendeza, kisha kazini safu itakuwa tupu. Kwa ratiba hiyo tumia `shift(48)`.