Je, Wajua? Mishale ya Mabamba, Ukisimama Diani

Je, wajua kwamba ufuo wa Diani si mpaka wa mabamba? Mwanafunzi akiiona bahari inaanza hapo kwenye ramani, hudhani nchi kavu ni bamba moja na bahari ni bamba jingine. Sivyo. Bamba la Somalia limeibeba Kwale yote, kisha linaendelea chini ya maji kwa kiasi cha kilomita 3,000, hadi kwenye safu ya milima iliyozama katikati ya Bahari ya Hindi. Upande wa bara, mpaka wake unapita Bonde la Ufa. Ukitoka Msambweni kwenda Magadi kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 400. Kwa hiyo ukiwekewa mchoro mbele yako, usianze na pwani. Tafuta kwanza mstari wenye mishale pande zote mbili, maana huo ndio mpaka.

Je, wajua kwamba mwamba wa Diani haukuinuliwa na mgongano wowote? Maji yakikupwa, uangalie ukingo wa jiwe karibu na Kinondo. Juu ni tambarare na kunakwaruza miguu, chini mawimbi yamelila likabaki limening'inia, na ndani yake yamo makombe na matawi ya matumbawe yaliyogeuka mawe. Hilo ni tumbawe lililokua chini ya maji kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Bahari ikashuka, jiwe likabaki nje, na leo msitu wa Kaya Kinondo umeota juu yake. Anayeona matumbawe kwenye nchi kavu na kuandika mara moja kwamba mabamba yamegongana, amesoma umbo bila kuuliza lilivyotokea.

Je, wajua kwamba mpaka wa mabamba uliwahi kupita huku kwetu? Kiasi cha miaka milioni 165 iliyopita, Madagaska ilikuwa imeshikana na pwani hii ya Kenya, Somalia na Tanzania. Ardhi ikaanza kuvutwa na kupasuka, bahari ikaingia katikati, kisha kisiwa kile kikateleza kuelekea kusini kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Alama ya mtelezo huo bado iko chini ya bahari. Inaitwa Ukingo wa Davie, na unakwenda kaskazini-kusini katika Mlango wa Msumbiji. Ukiichora hadithi hiyo utahitaji michoro miwili. Wa kwanza uwe na mishale inayopeana mgongo, kwa kuwa ardhi ilikuwa ikiachana. Wa pili mishale yake ilale sambamba na mstari, kwa kuwa vipande vilikuwa vinapishana. Mpaka mmoja unaweza kubadilisha tabia, na mchoro huonyesha wakati mmoja tu wa maisha yake.

Mawe ya mchanga ya Shimba Hills ni ya kale zaidi ya safari hiyo. Yalikwishatandazwa kabla ya Madagaska kuondoka.

Je, wajua kwamba vilima vya Jombo na Mrima, bara ya Msambweni, vina mawe yaliyotoka kwenye moto wa chini ya ardhi, ilhali hakuna mpaka wa mabamba hapo? Mrima inajulikana kwa madini ya niobiamu na madini adimu yaliyomo ndani yake. Magma ilipanda zamani sana kupitia sehemu dhaifu za ardhi, ikapoa, na kazi yake ikaisha. Jiwe la volkano peke yake halithibitishi mpaka ulio hai. Linalothibitisha ni matetemeko yanayojipanga kwenye mstari na vipimo vya mwendo wa ardhi.

Je, wajua kwamba mishale yote miwili inaweza kuelekea upande mmoja na bado mabamba yakawa yanaachana? Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tukae kidogo.

Malindi kuna kituo kinachopokea mawimbi ya setilaiti na kupima mahali kilipo kwa usahihi mkubwa. Vipimo vya miaka mingi vinaonyesha kwamba ardhi ya pale inasogea kuelekea kaskazini-mashariki kwa karibu sentimita 3 kila mwaka. Na ng'ambo ya Bonde la Ufa, bamba la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya Afrika, nalo linakwenda kaskazini-mashariki kwa mwendo usiotofautiana sana na huo. Ramani ya namna hii ina mishale iliyochorwa kama mtu anaitazama dunia kutoka nje. Mtu akiona mishale yote imeelekea kumoja, huandika kwamba hakuna kinachotokea kati yake.

Fikiria matatu mbili kwenye barabara ya Lunga Lunga, zote zinakwenda Likoni. Iliyo mbele ikizidi mwendo, nafasi kati yao inapanuka, japo hakuna iliyogeuza. Iliyo nyuma ikizidi mwendo, itaifikia ya mbele.

Sasa chukua mchoro wa mazoezi. Mpaka umechorwa kutoka kaskazini hadi kusini. Mshale wa bamba la magharibi unaelekea mashariki, nao umeandikwa milimita 25 kwa mwaka. Mshale wa bamba la mashariki unaelekea mashariki pia, umeandikwa milimita 28. Toa 25 kwenye 28, upate 3. Bamba lililo mbele linalikimbia lililo nyuma kwa milimita 3 kila mwaka, kwa hiyo huu ni mpaka wa kuachana. Zibadilishe namba mahali, magharibi iwe 28 na mashariki 25, na jibu linageuka kuwa kugongana, ingawa hukugusa mwelekeo wa mshale hata mmoja. Milimita 3 ni kitu kidogo, lakini kwa miaka milioni moja zinafika kilomita 3. Basi kabla ya kutaja aina ya mpaka, pima urefu wa mishale, halafu usome maelezo ya ramani ujue inapima mwendo kwa kulinganisha na nini. Kuna ramani nyingine ambazo zimeshafanya hesabu hiyo ya kutoa, na mishale yake hupeana mgongo wazi.

Je, wajua kwamba Bonde la Ufa lenyewe hukupa jibu hata mishale ikifutwa? Tazama mchoro wa upande, ule unaoonyesha ardhi kama imekatwa kwa kisu. Kuna kuta mbili zinazotazamana, katikati ardhi imeshuka, na ngazi za mawe zinateremka kutoka kila upande. Sakafuni mna volkano kama Longonot na Suswa, na chemchemi za moto kama za Magadi. Ardhi iliyovutwa hukonda, hupasuka na kudidimia, na magma hupata njia ya kupanda. Matetemeko yake huanzia karibu na uso wa ardhi. Lile la Subukia la tarehe 6 Januari 1928 lilikuwa na ukubwa wa 6.9, na lilipasua ardhi hadi mpasuko ukaonekana kwa macho.

Je, wajua kwamba mpaka uliotikisa fukwe za Kenya kuliko wowote katika miaka ya karibuni uko upande wa pili wa Bahari ya Hindi? Karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, tarehe 26 Desemba 2004, ardhi ilipasuka chini ya bahari magharibi mwa Sumatra, kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,200. Ukubwa wake ulikuwa 9.1. Sakafu ya bahari iliinuka ghafla na kuyasukuma maji, na baada ya saa kama tisa mawimbi yakafika pwani ya Kenya. Watu waliondolewa ufuoni, lakini mtu mmoja alifariki upande wa Malindi. Somalia ilipoteza mamia ya watu.

Kwenye mchoro wa Sumatra mishale hutazamana. Bamba lenye sakafu nzito ya bahari huzama chini ya jirani yake, na pale linapoinama hutokea mfereji wa kina kirefu. Mstari wa mpaka huwekewa meno, yaani pembetatu ndogo. Meno hayo hukaa upande wa bamba lililobaki juu, na ncha zake huonyesha linakoelekea lile linalozama. Mwanafunzi aliyeyasoma kinyume atataja aina ya mpaka sawasawa, kisha akosee kusema ni bamba lipi limezama. Njia ya kujihakikishia ni kutafuta volkano. Huwa upande mmoja tu wa mfereji, juu ya bamba lililobaki, kama zilivyojipanga ndani ya kisiwa cha Sumatra. Vitovu vya matetemeko navyo huzidi kwenda chini kadiri unavyotoka kwenye mfereji kuelekea kwenye volkano hizo. Bonde la Ufa halina mteremko wa namna hiyo.

Je, wajua kwamba nje ya pwani ya Omani kuna mpaka usio na volkano wala mfereji wa aina hiyo? Ni Ufa wa Owen, kati ya bamba la Arabia na bamba la India. Yote mawili yanakwenda kaskazini, ila Arabia inaizidi India kwa milimita chache kila mwaka, kwa hiyo yanapishana ubavu kwa ubavu. Ile hesabu ya kutoa inafanya kazi hapa pia. Tofauti ni kwamba mishale imelala sambamba na mstari badala ya kuukata, hivyo hakuna nafasi inayofunguka wala ardhi inayobanwa sana.

Je, wajua kwamba vitabu huchora mpaka wetu kama mstari mmoja, ilhali ni ukanda mpana? Jumatano tarehe 12 Agosti 2020, baada ya saa mbili usiku, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea baharini, kusini-mashariki ya Dar es Salaam. Lilisikika Zanzibar na hadi Mombasa. Lilitoka mbali na Bonde la Ufa tunalolichora, katika eneo ambalo ufa wa mashariki ya Afrika umeingia baharini, na ardhi inavutwa mashariki na magharibi karibu na ule Ukingo wa Davie wa zamani. Ndiyo maana wataalamu sasa huchora mabamba madogo kati ya Nubia na Somalia, kama Viktoria na Rovuma, na mipaka mingi ya hayo huwekwa kwa mistari ya nukta. Mstari wa nukta kwenye mchoro una maana kwamba mwendo umepimwa lakini mahali hasa unapopita mpaka bado panachunguzwa. Aina yake husomwa kwa mishale ile ile.